Diski iliyopita mtihani wa kasi na kushindwa na joto: kisa cha PlayStation 5 kutoka ukumbi wa gemu Umoja

Mwenye ukumbi mmoja wa gemu mtaani Umoja alinifikia Jumatatu asubuhi, karakana ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa, akiwa na PlayStation 5 iliyofungwa kwa shuka na mpwa wake akimfuata nyuma na mfuko wa vifaa. Konsoli yenyewe ilikuwa ya toleo la kwanza, lile la mwaka 2020, lenye hifadhi ya ndani ya GB 825 ambazo kati yake mtumiaji hubakiwa na GB 667 hivi baada ya mfumo kuchukua sehemu yake. Kwa ukumbi ambao wateja wake hulipa kwa dakika na kila mmoja huja na gemu aipendayo, nafasi hiyo huisha upesi, na kufuta gemu moja ili kupakua nyingine ni kuteketeza bando na muda. Ndiyo maana mpwa alikuwa ametia diski ya SSD ya TB 1 kwenye tundu la ziada la M.2 lililo ndani ya konsoli, kwa kufuata video aliyoitazama kwenye simu.

Malalamiko yalikuwa haya: kila asubuhi konsoli hufanya kazi vizuri, lakini baada ya saa moja na nusu hivi ya kuchezwa mfululizo, gemu zilizo kwenye diski mpya huanza kufunguka polepole mno, picha hukwama katikati ya mchezo, na wateja huanza kudai warudishiwe dakika zao. "Fundi, hii kitu ni feki," alisema mjomba mtu. Mpwa hakukubali, naye alikuwa na ushahidi: picha aliyoipiga siku ya kwanza, skrini ikionyesha kwamba konsoli ilipima diski hiyo na kupata kasi ya kusoma ya MB 6,412 kwa sekunde. Wote wawili walikuwa na hoja, na kwa kuwa hoja zao zilipingana, nilijua kosa haliko pale wanapolitafuta.

Kabla ya kufungua chochote, inafaa kueleza namba ile ya kwenye picha ina maana gani, kwa sababu ndiyo iliyowapoteza. Sony inapendekeza kwamba diski inayotiwa kwenye tundu hili iwe na kasi ya kusoma kwa mfululizo ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Kiwango hiki hakikuchaguliwa hivi hivi tu, maana hifadhi ya ndani ya konsoli hii ina kasi ya GB 5.5 kwa sekunde, na watengenezaji wa gemu za PS5 huandika gemu zao wakitegemea kwamba ramani, sura za wahusika na sauti zitavutwa kutoka kwenye hifadhi kwa mwendo huo wakati mchezo unaendelea, wala si mwanzoni tu. Diski iliyotiwa kwenye tundu inacheza gemu sawa na ile ya ndani: gemu za PS5 huchezwa moja kwa moja kutoka humo, jambo ambalo diski ya nje ya USB haiwezi, kwani ile ya USB huhifadhi gemu za PS5 lakini huzicheza zile za PS4 pekee.

Kasi hiyo haipatikani kwenye diski yoyote tu yenye umbo la M.2. Ni lazima iwe ya NVMe, yaani aina ya diski za kasi zinazosomwa kupitia njia ya PCIe, na njia hiyo iwe PCIe 4.0 x4, yaani kizazi cha nne chenye njia nne. Kizazi cha tatu, hata kiwe kizuri namna gani, njia yake yenyewe inaishia karibu na GB 4 kwa sekunde, na diski zake bora husoma MB 3,500 hivi. Mpwa alikuwa ameshalijua hili kwa gharama yake. Wiki mbili kabla ya hapo alinunua katika duka moja katikati ya jiji diski ya kizazi cha tatu baada ya kuambiwa "hii inaingia PS5 bila shida". Kuingia iliingia, kwa sababu diski za kizazi cha tatu na cha nne zina mkato mmoja mahali pamoja na urefu uleule, na mtu hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama umbo. Konsoli ilipowashwa ilimwambia kwamba haiwezi kutumia diski ile, na mwenye duka akakataa kuirudisha kwa kuwa pakiti ilikuwa imeshafunguliwa. Kwa hiyo kinachosomwa dukani ni maandishi ya kwenye boksi au kwenye stika: PCIe 4.0 au Gen4, NVMe, M.2 2280, na namba ya kasi ya kusoma. Diski ya M.2 yenye mikato miwili badala ya mmoja kwa kawaida ni ya SATA, aina ya zamani na ya polepole zaidi, na hiyo haifai kabisa.

Kuna jambo dogo kuhusu kasi ambalo wauzaji hawalitaji. Baadhi ya diski za bei nafuu hazina kumbukumbu yake yenyewe ya DRAM, na zikiwa kwenye kompyuta huazima kidogo kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta kupitia utaratibu uitwao HMB. PS5 haiungi mkono utaratibu huo. Diski kama hizo mara nyingi hukubaliwa na kufanya kazi, lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi ilipatikana kwenye kompyuta inayozikopesha kumbukumbu, kwa hiyo mnunuzi asishangae konsoli ikionyesha pungufu. Diski ya pili ya mpwa haikuwa na tatizo hilo. Ilikuwa ya kizazi cha nne, yenye DRAM yake, na MB 6,412 zilikuwa za kweli.

Shida ni kwamba kipimo hicho hufanywa mara moja, diski inapofomatiwa, nayo ikiwa bado baridi. Hupita sekunde chache, kisha konsoli haikuonyeshi tena namba hiyo katika matumizi ya kila siku, wala haina mahali inapoonyesha joto la diski. Mtu aliye na kompyuta anaweza kufungua programu na kuona nyuzijoto zikipanda. Mwenye konsoli hana dirisha hilo. Inabidi atumie saa ya mkononi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Niliiwasha konsoli ikiwa baridi, nikachagua gemu moja iliyokuwa kwenye diski mpya, nikapima muda wa kufungua mchezo uliohifadhiwa mahali fulani: sekunde 8. Nikamwacha mpwa acheze, na kazi hiyo hakuhitaji kubembelezwa. Baada ya saa moja na dakika arobaini nilifungua mchezo uleule mahali palepale, ikachukua sekunde 34. Kisha, bila kuzima, nilihamishia gemu hiyo kwenye hifadhi ya ndani ya konsoli na kupima tena: sekunde 8. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu inatenganisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. Kama konsoli yenyewe ingekuwa imezidiwa na joto, kwa vumbi au kwa feni mbovu, gemu ingekuwa nzito hata ikisomwa kutoka hifadhi ya ndani. Haikuwa. Uzito ulikuwa kwenye diski mpya peke yake, na ulikuja na joto. Mjomba aliyekuwa amekaa kwenye benchi akiisubiri hukumu yake ya "feki" alitikisa kichwa tu.

Sababu ya diski kupunguza mwendo ni kwamba imeundwa kufanya hivyo. Kwenye ubao wake mwembamba kuna chipu za kumbukumbu na kuna chipu moja ya kidhibiti inayoelekeza kila kinachosomwa na kuandikwa, na hiyo ya kidhibiti ndiyo inayochemka kuliko zote. Joto likifika kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, kidhibiti hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na joto likishuka hurejea mwendo wake. Haiharibiki papo hapo, na ndiyo maana kila asubuhi mambo yalikuwa shwari. Katika tundu la PS5 diski imelala ndani ya kijisanduku chembamba cha chuma, na bila kipande cha metali cha kulivuta joto kutoka kwenye chipu na kulitawanya, hewa inayopita humo haitoshi. Kwa hiyo Sony inaweka kipoza joto, ambacho mafundi wengi hapa mjini hukiita hitsinki, kuwa sharti. Mpwa alisema kwa uhakika kabisa kwamba kipoza joto kipo. Nami nilimwamini, kwa sababu nilishagundua kwamba ubavu mweupe wa konsoli haukukaa sawasawa: pembe moja ilikuwa imeinuka kiasi cha unene wa sarafu.

Tulizima konsoli kabisa, si kuiacha katika hali ya kupumzika, tukachomoa waya zote, tukaiacha ipoe kidogo, tukaondoa kitako chake. Kuufungua ubavu wa toleo hili hakuhitaji bisibisi. Konsoli hulazwa juu ya kitambaa laini, pembe ya ubavu huinuliwa kidogo kwa kiganja, na ubavu wote husukumwa kando mpaka uachie kwa mlio mkavu ambao huwatisha watu mara ya kwanza. Ukifungua upande usio wake hutakiona kile kinachotafutwa, yaani bamba refu la chuma lililoshikwa kwa skrubu moja, karibu na feni. Sisi hatukuliona bamba hilo ingawa upande ulikuwa wenyewe. Mahali pake palikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na kipoza joto kikubwa cha alumini nyeusi chenye mapezi marefu yaliyochomoza juu ya ukingo wa tundu. Mpwa alitoa bamba la chuma kutoka kwenye mfuko wa vifaa. "Lilikataa kufunga," alisema.

Lilikataa kwa sababu ya milimita. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo ningetaka msomaji akae nami kidogo, kwa kuwa namba za kasi huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ilhali vipimo vya kipoza joto mara nyingi havitajwi kokote dukani.

Tundu hili lina bajeti yake ya unene, nayo ni milimita 11.25 kwa jumla, diski pamoja na kila kilichobandikwa juu na chini yake. Jumla hiyo haigawanywi unavyotaka. Juu ya ubao wa diski zinaruhusiwa milimita 8.0, na chini ya ubao milimita 2.45, ubao wenyewe una unene wa milimita 0.8, na ukizijumlisha zote tatu unapata 11.25 kamili. Upana wa jumla usizidi milimita 25, ingawa ubao wenyewe lazima uwe wa milimita 22. Maana ya mgawanyo huo ni kwamba kipoza joto chenye unene wa jumla wa milimita 10 kinaweza kuwa kibaya na kingine cha milimita 11 kikawa sawa, ikitegemea unene huo uko upande gani.

Nilikitoa cha mpwa na kukipima kwa kalipa kikiwa bado kimebandikwa kwenye diski. Kutoka uso wa juu wa ubao hadi ncha za mapezi kulikuwa na milimita 9.4, yaani 1.4 zaidi ya ruhusa. Chini kulikuwa na bamba jembamba la alumini na pedi, jumla milimita 2.1, ambazo zinakubalika. Kipoza joto hiki kilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani, ambako hakuna mfuniko wa kukizuia, na ubavu wa konsoli ulikuwa ukikilalia, ndiyo maana pembe ile iliinuka.

Mjomba aliona tumefika. "Basi kumbe ni kukosa mfuniko," alisema. Ningekubaliana naye kama ningekuwa na haraka. Mfuniko unapaswa kurudishwa, na maelekezo ya Sony yanasema hivyo, lakini metali nyingi kiasi kile, hata bila mfuniko, ilipaswa kuipoza diski vya kutosha isifike kwenye sekunde 34. Alumini niliyoishika ilikuwa vuguvugu tu, ilhali tulikuwa tumetoka kuizima konsoli dakika chache zilizopita. Diski ikichemka na kipoza joto kikabaki vuguvugu, maana yake ni kwamba joto halivuki kutoka kimoja kwenda kingine.

Nilifungua skrubu nne ndogo za kipoza joto na kuinua sehemu ya juu. Kati ya alumini na chipu kulikuwa na pedi ya joto, ule ukanda laini wa kijivu unaofanana na ubani uliotafunwa, ambao kazi yake ni kujaza nafasi ndogondogo zisizoonekana ili joto lipite. Pedi hiyo ilipaswa kuwa imeng'ang'ania chipu kiasi cha kuhitaji kubanduliwa taratibu. Badala yake iliachia mara moja, na uso wake ukang'aa chini ya taa. Nikaingiza ukucha kwenye kona, na utando wa plastiki wa rangi ya samawati uliofifia ukabanduka wote kwa mkupuo, na alama za chipu nne zikiwa zimechapwa juu yake kama nyayo kwenye tope. Mpwa aliutazama utando ule kwa muda mrefu bila kusema neno.

Utando huo ni wa kuilinda pedi isishike vumbi kabla ya kutumika. Pedi huja na utando pande zote mbili, na upande ulioelekea alumini huwa umeshabanduliwa na kubandikwa kiwandani, au fundi hubandua mmoja na kusahau wa pili kwa sababu ni mwembamba na karibu hauonekani. Plastiki hupitisha joto vibaya, na zaidi ya hapo huzuia pedi isijibonyeze kwenye chipu na kuacha tabaka la hewa kati yao. Kwa dakika za mwanzo hakuna linaloonekana. Konsoli inapima kasi, inapata 6,412, inapongeza, na kila mtu anakwenda nyumbani.

Niseme pia kuhusu stika ya diski yenyewe, kwa kuwa mpwa, baada ya kuuona utando, alitaka kuing'oa nayo. Stika yenye jina na namba za diski haibanduliwi. Ni nyembamba, nyingine zina tabaka la shaba la kusaidia kutawanya joto, na kuing'oa kunaweza kung'oa pamoja nayo kitu kidogo kilichochomelewa ubaoni, mbali na kupoteza dhamana. Pedi huwekwa juu yake.

Ilibaki kuchagua kipoza joto kipya. Diski hii ilikuwa na chipu upande mmoja tu, wa juu, kwa hiyo upande wa chini haukuwa na cha kupozwa sana. Nilichukua kipoza joto cha alumini cha bamba moja chenye mapezi mafupi, unene wa milimita 5.0, na pedi ya milimita 1.0. Hesabu yake ni nyepesi: chipu zilisimama milimita 1.4 juu ya ubao, pedi ya milimita 1.0 ikibanwa hubaki kama 0.8, na alumini 5.0, jumla 7.2. Imebaki karibu milimita moja kabla ya kufika kwenye ukomo wa 8.0, na nafasi hiyo naipenda kwa sababu hewa nayo inahitaji pa kupita kati ya mapezi na mfuniko. Chini niliweka kipande chembamba cha kushikilia tu, milimita 1.2. Anayependelea kurahisisha anaweza kununua diski inayouzwa na kipoza joto chake kiwandani na kutangazwa kuwa ya PS5, ila naye asome milimita kwenye boksi, asiridhike na picha ya konsoli iliyochorwa pembeni.

Kuna kishawishi cha kuweka pedi nene zaidi kwa kudhani kwamba nene ndiyo inayopoza zaidi. Ni kinyume chake: pedi ni daraja tu, na daraja fupi ndilo bora. Pedi nene ikikazwa kwa nguvu hupinda ubao wa diski uwe kama upinde, na ukiitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga utaona mwanya katikati. Ubao uliopinda haukai vizuri kwenye soketi.

Kuifunga diski kulichukua dakika chache kuliko kueleza. Niligusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Ndani ya tundu kuna mashimo matano yaliyoandikwa 110, 80, 60, 42 na 30, ambayo ni urefu wa diski kwa milimita, na kuna pete ndogo ya chuma pamoja na skrubu yake ambazo huhamishiwa kwenye shimo linalolingana na diski. Yetu ni 2280, yaani upana 22 na urefu 80, kwa hiyo pete iliwekwa kwenye 80. Pete ikisahaulika, mwisho wa diski hukosa pa kukalia na skrubu huuvuta chini ubao ukapinda. Ikianguka ndani ya konsoli, kuna kazi ya kuitafuta kwa sumaku. Diski huingizwa kwa mshazari, ikiwa imeinuka kama nyuzi thelathini, mkato wake ukilingana na kijino cha soketi, na husukumwa mpaka ile mistari ya dhahabu kwenye ncha yake iwe karibu haionekani. Kisha mwisho wa pili hulazwa chini kwa kidole hadi ukalie pete, na skrubu hukazwa kwa bisibisi ya nyota namba 1 mpaka isimame, bila kuongeza nguvu ya bega. Diski iliyoingia vizuri hujiinua yenyewe kidogo kabla haijakazwa; ile iliyolala tu bila kuinuka ndiyo ya kutilia shaka. Bamba la chuma safari hii lilikaa bila kusukumwa, skrubu yake ikarudi, na ubavu mweupe ukateleza mahali pake pembe zote nne zikiwa sawa.

Tulipoiwasha, diski haikudai kufomatiwa upya, kwa kuwa ni konsoli ileile na diski ileile. Kwa diski mpya, konsoli huonyesha moja kwa moja ukurasa wenye kitufe cha `Format M.2 SSD`, na kila kilichokuwa kwenye diski hufutwa. Ukurasa huo usipotokea, na konsoli ikafunguka kana kwamba hakuna kilichoongezwa, mara nyingi diski haijasukumwa hadi mwisho wa soketi. Sababu nyingine, ambayo nimekutana nayo kwenye konsoli za mtumba zilizokaa bila intaneti, ni mfumo wa zamani: tundu hili lilifunguliwa rasmi kwa sasisho la Septemba 2021, na kabla ya hapo diski yoyote humo ni chuma tu. Uwezo wa hadi TB 8 nao uliongezwa baadaye, mwaka 2023. Kabla yake ukomo ulikuwa TB 4.

Mpwa aliuliza kama kazi za wateja, yaani ligi zao na viwango walivyofikia, zingepotea siku diski ikifa. Hazipotei, kwa sababu data ya michezo iliyohifadhiwa ya gemu za PS5 hubaki kwenye hifadhi ya ndani ya konsoli, na kinachokaa kwenye diski ya M.2 ni gemu zenyewe, ambazo zinaweza kupakuliwa upya. Lakini diski hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye PS5 nyingine ya ukumbini na gemu zake zikasomwa. Konsoli ya pili itadai kuifomati kwanza.

Ukafika wakati wa saa ya mkononi tena. Ikiwa baridi, sekunde 8. Baada ya saa moja na dakika arobaini, sekunde 8. Nikawaomba waiache hadi saa tisa alasiri, mpwa akicheza na vijana wawili wa jengo letu waliosikia habari, na baada ya zaidi ya saa tatu na nusu ilikuwa sekunde 9. Sikuridhika na sekunde hiyo moja hadi niliporudia mara tatu na kupata 8, 9, 8, ambayo ni tofauti ya kidole changu kwenye kitufe cha saa.

Nilimwonya mjomba juu ya jambo moja ambalo kipoza joto kipya hakitalitatua. Katika ukumbi wake konsoli zimewekwa ndani ya visanduku vya mbao vyenye kufuli, kwa sababu anazozijua mwenyewe, na kila kisanduku kina tundu moja dogo la waya kwa nyuma. Kipoza joto hutoa joto kwenye chipu na kulikabidhi kwa hewa. Hewa ikiwa ni ileile inayozunguka ndani ya kisanduku, saa za jioni zitarudisha zile sekunde 34 hata bila utando wa plastiki. Alikubali kukata madirisha mawili na kuyafunga kwa wavu wa chuma. Nilimwambia pia apime kama nilivyopima, gemu ileile mahali palepale, asubuhi na kabla ya kufunga, mara moja kwa mwezi.

Ile diski ya kwanza ya kizazi cha tatu, ambayo ilikuwa ikizunguka ndani ya mfuko bila kazi, tuliitia kwenye kasha la nje la NVMe lenye USB na kuichomeka kwenye mlango wa USB wa kasi ulio nyuma ya konsoli. Ilikubaliwa kama hifadhi ya nje, ikahamishiwa gemu zote za PS4, ambazo huchezwa humo bila shida, pamoja na gemu tatu za PS5 zisizoulizwa mara kwa mara, zikisubiri kurudishwa ndani siku mteja atakapozitaka.